Bibi Aliniuliza, Nikamjibu Jingine

Ijumaa ile nilipotoka msikitini nilipita kwa bibi kama ilivyo ada yangu, maana Ijumaa hupika pilau, na pilau ya bibi si ya kuiacha ipoe. Nilimkuta kiwandani. (Kwetu Lamu kiwanda ni ule ua wa ndani ya nyumba, wasomaji wa bara wasije wakadhani bibi yangu yuko kwenye mitambo.) Alikuwa amekaa mkekani, miguu kainyoosha, kofia anayoishona iko mapajani, sindano kaichomeka kwenye kanga begani. Simu aliishika kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba bakuli la mchuzi uliojaa hadi ukingoni.

"Ndoo," akaniambia. "Ndoo unisomee hichi."

Nikachukua simu. Ilikuwa skrinshoti, picha ya meseji ya M-Pesa, kwenye mazungumzo ya WhatsApp baina yake na shoga yake wa Langoni. Kwa ufupi ilisema hivi:

```
RKB....... Confirmed. Ksh350,000.00 sent to
(jina la bibi) 07........ on 22/5/25 at 10:42 AM.
PROMO WINNER
```

Chini ya picha palikuwa na maneno ya Kiswahili: hongera, umeshinda kama mimi, zangu nilipata jana, tuma ada ya kufungulia upate zako.

Sikumaliza hata kusoma. Nikacheka.

"Bibi, huu ni utapeli. Futa."

Nikampa darasa la dakika kumi hivi, pilau ikipoa. Akanisikiliza kwa adabu yote, kisha akasema, "Haya mwanangu," akaigeuza simu kifudifudi juu ya mkeka na kuichomoa sindano begani.

Ile "haya" ndiyo iliyonikaa kifuani kwa wiki kadhaa.

## Darasa langu

Mimi ni wakala. Nina kibanda kwenye usita wa mui, ile njia kuu ya mji, nauza kasha za simu na chaja, naweka na kutoa pesa, na kwa siku hupitisha meseji za M-Pesa nyingi kuliko salamu. Kwa hiyo nilipoiona ile picha macho yangu yalikwenda penyewe mahali pake, na nilichomwambia bibi siku ile kilikuwa sahihi. Nakirudia hapa kwa sababu kina faida, ingawa si yeye aliyekuwa akikihitaji wakati ule.

La kwanza ni kiasi. Tangu Agosti 2023, akaunti ya M-Pesa ya mtu wa kawaida inaruhusiwa kushika hadi shilingi 500,000, lakini muamala mmoja haupiti 250,000. Ukiona meseji inayosema mtu ametumiwa 350,000 kwa mkupuo mmoja, huna haja ya kwenda mbali. Pesa hizo zingelazimika kuja mara mbili, kwa meseji mbili.

La pili ndilo lililonipa raha kulieleza, na naungama kwamba nilikuwa najionyesha. Kila muamala wa M-Pesa una namba yake ya herufi na tarakimu kumi. Watu wengi huziona kama takataka tu zilizorundikwa mwanzoni mwa meseji. Sisi tunaozikagua siku nzima tunajua kwamba tatu za mwanzo ni tarehe. Ya kwanza ni mwaka: mwaka 2023 zilianza na R, 2024 na S, 2025 na T. Ya pili ni mwezi, A ikiwa Januari, B Februari, hadi L ambayo ni Disemba. Ya tatu ni siku: tarehe 1 hadi 9 huandikwa kwa tarakimu, kisha kumi ni A, kumi na moja ni B, na kuendelea.

Sasa irudie ile picha. Ndani ya meseji imeandikwa 22/5/25. Muamala wa kweli wa siku hiyo ungeanza na T kwa mwaka, E kwa Mei, na M kwa tarehe 22. TEM. Hii ilianza na RKB. R ni 2023, K ni Novemba, B ni kumi na moja.

Yaani mtu alichukua meseji ya kweli ya tarehe 11 Novemba 2023, akabadilisha jina, kiasi na tarehe, akaisahau ile namba ya mwanzo. Au hakuisahau. Hakujua tu kwamba nayo inasema.

Nilimwonyesha bibi kwa kidole, herufi moja baada ya nyingine. Bibi husoma msahafu bila kukwama, na tenzi zake zilizoandikwa kwa khati za Kiarabu huzisoma kwa sauti na mahadhi. Herufi hizi za kizungu ndizo zisizomjua wala yeye hazijui, isipokuwa tarakimu. Alitikisa kichwa tu.

"Kwa hivyo ni ya zamani," akasema.

"Ni ya uwongo, bibi."

"Ndiyo. Lakini yeye haandiki."

Hapo ndipo palipokuwa na kila kitu, na mimi nilipita juu yake kama mtu anayeruka mfereji. Nilidhani anasema juu ya mwizi. Nikamwambia, "Wote ni hao hao, bibi," nikaenda kupakua pilau.

## Kabati la kofia

Wiki tatu zilipita. Idi ya kuchinja ilikuja ikaenda.

Siku moja mwenzangu mwenye kibanda upande wa Langoni alinikuta tunapopata kahawa, akaniambia kwa mzaha kwamba siku hizi hata bibi yangu amenihama. Nikamuuliza vipi. Akasema alikuja kwake Alhamisi moja mchana, jua kali, akaweka elfu tatu, akashukuru na kuondoka.

Nyumba ya bibi na kibanda changu ni mwendo wa dakika tatu. Kufika Langoni ilibidi anipite mimi. Na si kunipita tu: mchana ule nilikuwa nimekaa nje, naukumbuka kwa sababu umeme ulikuwa umekatika. Alipita njia ya nyuma.

Jioni nikaenda kwake kwa kisingizio cha kumfutia picha simu isijae. Nikafungua meseji zake za M-Pesa. Tarehe 22 Mei, saa saba na dakika ishirini na sita mchana, shilingi 2,850 zimekwenda kwa mtu nisiyemjua.

Muamala ulianza na TEM.

Nilikaa na hizo herufi tatu muda mrefu. Siku moja kabla ya darasa langu, bibi alikuwa ameshalipa. Nilipokuwa namfafanulia kwa madaha jinsi ya kuitambua meseji ya uwongo, simu ileile mkononi mwangu ilikuwa na ya kweli, yenye tarehe sahihi, na ndiyo iliyokuwa imechukua pesa.

Pesa zenyewe zilikuwa arubuni. Kijana mmoja alikuwa anaoa baada ya Idi na aliagiza kofia. Kwa wasioijua kazi hii: kofia ya mkono ni tabaka mbili za bafta, zimechorwa ruwaza kwa penseli, kisha kila kijitundu hutobolewa kwa sindano na kuzungushiwa uzi, vijitundu vidogo kuliko punje ya mtama, mamia kwa mamia. Mikono ya umri ule huchukua miezi. Arubuni ile ilikuwa ya uzi, ya kitambaa, na ya kumlipa msichana anayemalizia ukingo.

Sikumuuliza siku ile. Nilirudi nyumbani.

Nilikasirika, na nilijua fika kwamba hasira haikuwa ya 2,850.

## Alivyonisimulia

Jumapili nikaenda mapema, kabla jua halijaingia kiwandani. Masalkheri na sabalkheri zote zilinipotea. Nikamwambia tu, "Bibi, nimeiona ile ya Alhamisi."

Hakuuliza ipi.

"Ulinicheka," akasema.

Akanisimulia, akishona. Nitaieleza kama alivyoieleza kwa sababu kila hatua ina maana yake.

Alhamisi asubuhi picha iliingia kutoka kwa shoga yake. Si kutoka kwa namba ngeni. Kutoka kwa mtu waliyesoma naye chuoni, waliyeozana watoto, wa mchezo mmoja wa pesa na wanawake wengine kumi na moja. Akamwita mtoto wa jirani, msichana wa darasa la tano, amsomee. Mtoto akasoma jina la bibi, jina kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho, kwa herufi kubwa.

Hilo jina ndilo lililomtia ndani. "Hakuna aniitaye hivyo," alisema. "Ila serikali."

Ukweli ni kwamba kulipata jina hilo ni kazi ya nusu dakika. Mtu yeyote akianza kukutumia pesa, kabla hajathibitisha huletewa jina lako ili ahakikishe hajakosea. Kinga imewekwa kwa ajili yetu, nayo ni nzuri. Lakini mwizi huingiza namba yako, hulisoma jina, hughairi. Hakulipa chochote na sasa anakujua kama unavyojulikana kwenye kitambulisho.

Kinga hiyohiyo ilimpa bibi nafasi yake ya kuokoka. Alipokuwa anatuma zile 2,850, jina la mpokeaji lilikuja. Mtoto akalisoma. Lilikuwa jina la mtu, mwanamume, si la kampuni yoyote. Bibi aliliona hilo na aliuliza, kwa kumsemesha mtoto aandike: mbona ni mtu? Jibu likaja mara moja: huyo ni mhasibu wetu.

"Nikaona, pesa lazima zishikwe na mtu," bibi aliniambia. "Hata za mchezo hushikwa na mtu."

Siwezi kumlaumu. Mimi mwenyewe nashika za watu.

Alhamisi jioni wakadai tena, safari hii 6,400, ya bima. Mdai anayekutaka ulipe ili upokee hujitambulisha hapo: ya kwanza huwa ndogo, ndogo kiasi cha kuweza kutoka kwenye kabati lako, na ikishalipwa inakuja ya pili kubwa zaidi, na sasa unalipa ili ile ya kwanza isipotee bure. Kodi ya ushindi wa kweli hukatwa na anayelipa kabla hajakukabidhi zawadi. Hakuna mshindi anayetanguliza.

Lakini bibi hakusimamishwa na elimu ya kodi. Alisimamishwa na jambo jingine, na hilo ndilo alilotaka kuniuliza ile Ijumaa.

## "Yeye haandiki"

Shoga yake haandiki.

Hawaandikiani. Miaka yote tangu wapate simu hizi, wanatumiana sauti. Shoga yake hubonyeza kile kipaza sauti, huanza na bismillahi, husalimia ukoo mzima, huuliza paka wamelala wapi, na dakika ya tatu ndiyo hufika kwenye shida yake. Hajui herufi za kizungu kama bibi asivyozijua. Na sasa ghafla ameanza na "Hi dear", anaandika mistari mirefu, anajibu upesi, na bibi alipomtumia sauti kumuuliza, alijibiwa kwa maandishi tena.

Alhamisi usiku bibi alilala na hilo. Ijumaa akaamua kuniuliza mimi. Hakutaka kujua kama picha ni ya kweli. Alitaka kujua kwa nini shoga yake anaandika.

Aliniambia waziwazi. "Lakini yeye haandiki." Maneno matatu.

Kama ningesimama hapo, kama ningeuliza "nani haandiki?", tungepiga simu ya kawaida Langoni pale pale, na tungejua kwa dakika mbili kwamba akaunti ya yule mama haiko mikononi mwake. Haikuwa mikononi mwake tangu Jumanne. Siku hiyo alipigiwa simu na sauti ya kijana mpole, akaambiwa kuna tarakimu sita zimeingia kwenye simu yake kimakosa, tafadhali zisome. Akazisoma. Zile tarakimu sita ndizo WhatsApp inazotuma kwenye laini yako mtu anapotaka kuifungua akaunti yako kwenye simu nyingine. Ukizisoma, umempa mlango. Yake ikafungwa, akadhani simu imeharibika, akaiweka juu ya kabati asubiri mwanawe arudi kutoka Mombasa.

Kurudisha si kazi ngumu, na ndiyo maana inaniuma. Unaifungua upya WhatsApp kwa namba yako, tarakimu sita mpya zinakuja kwenye laini yako, unaziingiza, na mwizi anatolewa papo hapo. Akiwa ameweka namba ya siri ya pili, utalazimika kungoja siku saba ndipo uingie, lakini hata hivyo yeye ameshatoka. Huwezi kusoma bado, na yeye hawezi kutuma tena.

Mwanawe alirudi Jumapili akafanya hivyo.

Kati ya Ijumaa mchana na Jumapili, wanawake wawili zaidi wa ule mchezo walilipa. Wote wawili Jumamosi. Mmoja alilipa za kwanza na za pili.

Mimi nilikuwa nimeketi kwenye pilau.

## Kwa nini picha

Nimejiuliza sana kwa nini walituma picha badala ya meseji yenyewe. Zamani, wakala yeyote wa umri wangu anakumbuka, meseji za uwongo zilikuja kama meseji. Ziliandikwa kama za M-Pesa, lakini juu palikaa namba ya mtu, na ukimwambia mteja aangalie nani ametuma, mchezo uliisha. Meseji za kweli huingia zote kwenye uzi mmoja wenye jina MPESA, na mwizi hawezi kuitumbukiza yake humo kwa kutumia laini ya kawaida.

Picha inamwondolea taabu hiyo. Katika picha anaandika MPESA juu mwenyewe, kwa kuiita namba ya laini yake nyingine hivyo kwenye orodha ya majina na kujitumia meseji, au kwa kuichora tu. Nawe huwezi kuigusa picha uone namba iliyo nyuma yake. Meseji ukiishuku unaweza kuipeleka kwa mtandao kwa 333, huko hupokea za matapeli pamoja na namba zilizozituma. Picha ya meseji huna cha kupeleka.

Na hata darasa langu la RKB lina mpaka wake, sikumwambia bibi hilo na ilinipasa. Namba yenye tarehe mbaya inathibitisha uwongo. Namba yenye tarehe nzuri haithibitishi kitu. Mwizi makini huchukua meseji ya leo asubuhi, na herufi tatu zinakaa sawa. Wafanyabiashara wa hapa kwetu wameshapoteza mizigo kwa mteja aliyewaonyesha skrini yenye kila herufi mahali pake. Kinachojua kama pesa zimeingia ni salio lako, kwenye simu yako, kwa kubonyeza *334# wewe mwenyewe. Hakuna picha iwezayo kusema hilo, iwe nzuri namna gani.

Nilipokuwa namweleza bibi haya ile Jumapili, safari hii polepole, alinyosha mkono.

"Hebu ilete hiyo picha."

Hakuwa ameifuta. Nikamfungulia. Akaomba pia nimfungulie uzi wa MPESA wa kweli, kwenye simu yangu, niziweke mbili sambamba mkekani. Akavua miwani, akainama kama anavyoiinamia kofia anapotafuta kijitundu kilichorukwa.

"Hii ina simu," akasema. "Yako haina."

Sikuelewa. Akaweka ukucha juu ya picha, pembeni kwa jina. Palikuwa na alama ndogo ya kupigia simu. Kwenye uzi wangu haikuwepo. Chini yake pia, picha ilikuwa na kile kisanduku cha kuandikia jibu. Wangu haukuwa na pa kujibu.

Alikuwa sahihi kabisa. MPESA ni jina tu linalotuma, halina namba nyuma yake, huwezi kulipigia wala kulijibu, kwa hiyo simu haikuwekei alama ya kupiga. Alama ikiwepo, nyuma ya jina hilo kuna laini ya mtu. Miaka yote hii kibandani, nimefundisha wateja kuhusu namba, kiasi na tarehe, na alama hiyo sikuwahi kuiona. Imekaa mbele ya macho yangu kila siku.

"Umeionaje?"

"Miye sisomi," bibi akasema. "Natizama."

## Njia ya nyuma

Lililobaki nilikuwa naliogopa kuliuliza, nikaliuliza. Kwa nini alinipita? Angeweka zile elfu tatu kwangu ningemuuliza za nini, na mambo yangeishia hapo.

"Ndiyo," akasema, "ungeniuliza."

Akashona kidogo.

"Nilitaka nikupe habari zikiwa zimekwisha. Nikuite nikwambie, tizama, bibi yako ana laki tatu u nusu, chukua ukatengeze hicho kibanda chako kisikuvujie." Akakata uzi kwa meno. "Kisha zilipotakwa za pili nikajua nimeliwa. Nikataka kukwambia. Ukacheka."

Nilitaka kumwambia kwamba nilicheka kwa sababu nilifurahi kuwa nimewahi. Ni kweli kiasi. Lakini pia nilicheka kwa sababu mimi ndiye mjuzi wa mambo hayo pale nyumbani, na mjuzi hupenda kuulizwa swali analolijua.

Kuhusu zile 2,850, nimefanya hesabu mara nyingi usiku. Ukituma kimakosa unaipeleka ile meseji ya muamala kwa 456, na kama mpokeaji bado hajazitoa, zinaweza kuzuiwa na kurudi. Kila dakika ni yake. Watu wa kazi hii hawaachi pesa zikae. Zikishuka tu zinahamishwa laini nyingine na kutolewa. Ijumaa mchana ulikuwa umeshapita usiku mzima. Kwa hiyo hata angenieleza, za kwake nadhani zilikuwa zimekwenda. Za wale wawili wa Jumamosi ndizo zinazonikosesha usingizi. Mmoja wao hupita mbele ya kibanda changu kila asubuhi na kapu la mahamri, hunisalimia vizuri, na hajui.

Bado sijamwambia. Naandika hapa kwanza, jambo ambalo nalijua lina uoga ndani yake.

Tulipeleka taarifa kituoni, tukaandikisha, tukapewa namba ya kwenye kitabu. Hakuna jingine lililotokea.

## Sindano

Wanawake wa mchezo wamekubaliana mambo yao bila kunishirikisha. Anayetaka pesa ataje kwa sauti, tena amtaje mtu aliyekufa ambaye wote wawili wanamkumbuka. Bibi alinichezea moja juzi. Shoga yake alikuwa anaomba mia tano ya nazi, na kabla ya kuomba alimrehemu mwalimu wao wa chuoni, akamtaja kwa lile jina la utani walilokuwa wakimwita wakiwa wasichana, wakacheka wote wawili, mmoja ndani ya simu na mmoja mkekani, mpaka mia tano ikasahauliwa na ikabidi atume sauti nyingine.

Kofia imekwisha nusu. Bwana harusi alishaoa, akaazima ya mjomba wake, lakini amesema hii ataichukua hivyohivyo. Uzi nilinunua mimi. Bibi aliukubali baada ya kuniambia bei niliyolipa ni ya mjinga.

Nilipokuwa naondoka aliniita tena.

"Ile picha. Wasema meseji ya asili ilikuwa ya lini?"

"Tarehe 11 Novemba, 2023. Jumamosi."

"Na huyo aliyetumiwa siku hiyo, za kweli, zilikuwa ngapi?"

Nikamwambia haijulikani, wamezifuta wakaandika zao juu.

Akaifikiria. Kisha akaniletea sindano na ncha ya uzi, akaviweka kwenye kiganja changu.

"Haya, nitungie. Mato yangu jioni hayaoni."

Nilijaribu mara nne.